iPad: Skrinshoti yako iende wapi?

Ukipiga skrinshoti kwenye iPad, kijipicha hutokea kona ya chini kushoto. Ukikiacha tu, picha inajihifadhi yenyewe kwenye Photos. Ukitaka kuchagua, kiguse haraka kabla hakijapotea, kisha bonyeza Done.

Save to Photos ni ya picha za kutunza. Save to Files inafaa risiti ya ada: unachagua folda, na haichanganyiki na picha za familia.

Copy and Delete, iliyokuja na iPadOS 16, haijazi albamu. Mfano, unamtumia mtu ramani mara moja tu: ichague, fungua meseji, shikilia sehemu ya kuandika, bonyeza Paste.

Angalizo: ukikopi kitu kingine kabla ya kubandika, skrinshoti imekwenda.