Kipanya Kinapoongea Kupita Kiasi

Kipanya hakisemi neno mpaka kiulizwe. Kompyuta ndiyo inayokiuliza kupitia USB: umesogea kiasi gani tangu mara ya mwisho? Idadi ya maswali hayo kwa sekunde ndiyo inayoandikwa Polling Rate kwenye programu ya kipanya. Kipanya cha kawaida cha ofisini huulizwa mara 125, yaani kila baada ya milisekunde 8. Vya wachezaji wa Counter-Strike 2 au Valorant huulizwa mara 1000, na mwaka 2021 Razer walitoa Viper 8K, kinachofika 8000.

Kutoka 125 hadi 1000, tofauti ipo. Mkono husogea wakati wowote katikati ya maswali mawili, kwa hiyo kwa wastani taarifa husubiri nusu ya muda huo: milisekunde 4 kwa 125, nusu milisekunde kwa 1000. Isitoshe, skrini ya 144 Hz hubadilisha picha mara 144 kwa sekunde. Kipanya kikileta taarifa 125 tu, baadhi ya picha huchorwa bila habari mpya, na mwendo huonekana unakwamakwama.

Kutoka 1000 hadi 8000 unaokoa chini ya nusu milisekunde, na akiba hiyo ina gharama. Kila taarifa huikatiza prosesa ishughulikie kipanya kwanza. Tuseme mchezo ulikuwa ukichora picha 200 kwa sekunde, kila moja milisekunde 5. Ukiweka 8000 na prosesa ikalemewa, picha zikashuka hadi 150, kila moja sasa inachukua karibu milisekunde 6.7. Umepata milisekunde 0.44 mkononi, ukapoteza 1.7 kwenye kila picha. Biashara gani hiyo?

Kuligundua tatizo hili ni rahisi. Washa kihesabu cha picha kwa sekunde ndani ya mchezo, simama mahali pamoja, kisha zungusha kipanya haraka. Namba ikianguka, jaribu tena kwa 1000. Ikianguka kidogo tu safari hii, mzigo ulikuwa wa kipanya. Ikianguka vilevile, huenda ni mandhari tu yanayobadilika.

Hata kompyuta ikiwa na nguvu, mpangilio wa DPI nao una usemi. Kwa DPI 400, kipanya huhesabu hatua 400 kwa kila inchi, hivyo ili kila swali kati ya 8000 lipate jibu jipya ni lazima mkono uende inchi 20 kwa sekunde. Unapolenga polepole, maswali mengi hayapati jipya. Kwa DPI 1600 inchi 5 zinatosha. Ukipandisha, punguza unyeti ndani ya mchezo kwa kiasi hichohicho.

Mwenye skrini ya 240 Hz au 360 Hz na prosesa isiyotoka jasho anaweza kujaribu 2000 au 4000 kwanza. Wa kipanya kisicho na waya ajue pia kwamba betri itaisha mapema zaidi. Mwenye laptopu ya 60 Hz abaki na 1000: skrini yake hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7, na hapo ndipo ucheleweshaji wake mkubwa ulipo.