Mkate Ubaoni, Mvua Mkononi: Misemo ya Kifaransa Inayowaponza Wafasiri

Gazeti la Paris likiandika kwamba waziri mpya "a du pain sur la planche", mfasiri mwenye haraka ataandika kuwa waziri ana mkate juu ya ubao. Mhariri ataona huo ubao umekaa vibaya, ataugeuza kuwa meza, na sentensi itapita bila shida: waziri ana mkate mezani. Msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba mheshimiwa ameula. Kumbe Mfaransa alisema kinyume chake: waziri ana kibarua kizito, kazi zimemrundikia.

Tafsiri ya neno kwa neno ikichekesha, hasara yake ni ndogo, kwa kuwa kicheko chenyewe humshtua msomaji. Chukua "tomber dans les pommes", yaani kuangukia kwenye matufaha. Akiambiwa kwamba bibi harusi aliangukia kwenye matufaha kanisani, msomaji yeyote atauliza matufaha yametoka wapi, na akiuliza ataambiwa kuwa bibi harusi alizimia. Huo mkate wa waziri ndio wa kuogopwa, maana unasomeka vizuri na hakuna anayeuliza.

Mkate huo una historia yake. Zamani wakulima wa Ufaransa walioka mikate mikubwa ya kuliwa siku nyingi, wakaihifadhi juu ya ubao mrefu ndani ya nyumba. Aliyekuwa na mikate ubaoni alikuwa na akiba, angeweza kupumzika. Ndiyo maana katika karne ya 19 msemo huu ulimaanisha kuwa na akiba ya kutosha. Karne ya 20 ikaugeuza: ukawa wingi wa kazi inayongoja. Kwa hiyo yule mhariri wa meza, bila kujua, alipatia maana ya enzi za kina Balzac na kukosea ya leo. Anayefasiri riwaya ya wakati huo na habari ya juzi hawezi kutumia jibu moja.

Siagi nayo haina msimamo. "Mettre du beurre dans les épinards", kutia siagi kwenye mchicha wao, ni kujiongezea kipato kidogo, kama mwalimu anayefundisha tuisheni jioni. Lakini "compter pour du beurre", kuhesabiwa kama siagi, ni kutothaminiwa kabisa. Kujua siagi ina hadhi gani jikoni mwa Mfaransa hakukusaidii kubashiri.

Kwenye hali ya hewa mtego hukaa katika kitenzi. "Parler de la pluie et du beau temps", kuzungumza juu ya mvua na jua, ni kupiga soga za kupitisha muda. Badilisha kitenzi kimoja tu, sema "faire la pluie et le beau temps", kufanya mvua na jua, na unamzungumzia mtu ambaye kauli yake ndiyo ya mwisho: katibu wa chama anayeamua nani agombee, mkosoaji ambaye makala yake moja hufunga mgahawa. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako wapo watu waliojulikana kwa kuleta mvua, tafsiri ya moja kwa moja itamfanya katibu huyo aonekane mganga. Na aliyepatwa na "coup de foudre", pigo la radi, hakufa wala hakurogwa. Amependa ghafla, mara tu macho yalipokutana.

Mfasiri mzoefu huwa na dalili anazozisaka. Chakula kikitokea mahali ambapo hakuna anayekula, au mvua ikanyesha ndani ya ofisi, asimamishe kalamu. Kisha ajaribu kubadili neno: msemo haukubali. Weka meza mahali pa ubao kwa Kifaransa na kazi zote za waziri zinatoweka, unabaki mkate wa kawaida. Akishapata maana, atafute Mswahili angesemaje. Mfaransa "hakuzaliwa na mvua ya mwisho". Mswahili hakuzaliwa jana. Hapo tafsiri imekaa. Mara nyingine hakuna msemo unaolingana, na "alizimia" tupu inatosha kabisa.

Mtego hunasa pande zote mbili. Mwambie Mfaransa, kwa lugha yake, kwamba babu amekula chumvi nyingi, naye atashauri babu apimwe shinikizo la damu.

Wanaofasiri habari Bujumbura, Goma au Lubumbashi, ambako Kifaransa na Kiswahili hukutana kila siku, wana kifaa kinachofaa: kamusi ya misemo ya Alain Rey na Sophie Chantreau, iliyotolewa na Le Robert mwaka 1979 na kuchapishwa tena mara kadhaa. Humo msemo hutafutwa kwa neno lake kuu, kwa hiyo anzia kwenye "pain" au "pluie", si kwenye kitenzi.