Fomu Isiyosema Inachotaka

Mwaka 2016 Guillermo Robles, Mmarekani asiyeona, aliipeleka mahakamani kampuni ya piza ya Domino's. Dai lake lilikuwa kwamba alishindwa kuagiza chakula kwenye tovuti na programu ya simu ya kampuni hiyo, kwa sababu havikupatana na programu iliyokuwa ikimsomea skrini. Mwanzoni mwa 2019 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu inazigusa tovuti na programu hizo, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikakataa kuisikiliza rufaa ya kampuni. Mzozo mzima, ukiuvua joho la kisheria, ulihusu kujaza fomu: chagua hiki, andika kile, bonyeza agiza.

Fomu ndiyo sehemu ya tovuti inayomkwamisha mtu asiyeona upesi kuliko nyingine. Makala iliyosomeka vibaya bado huacha maana fulani, lakini fomu yenye kisanduku kimoja kisichojulikana kinataka nini haiendi popote. Shirika la WebAIM la Marekani, ambalo kila mwaka hukagua kurasa za mwanzo za tovuti milioni 1 maarufu, limekuwa likikuta kwamba karibu nusu ya kurasa hizo zina angalau kisanduku kimoja kisicho na lebo.

Tuichukue fomu ya mfano, ya chuo cha ufundi kinachopokea maombi mtandaoni. Inataka jina, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa na kozi, kisha chini kuna kitufe cha rangi ya kijani kilichoandikwa Tuma. Kwa macho haina kasoro. Visanduku vimepangwa vizuri, na juu ya kila kimoja kuna maneno yanayosema kiandikwe nini.

Jaribio la kwanza halihitaji programu yoyote. Kipanya kinawekwa kando na fomu inajazwa kwa kibodi tu: Tab kwenda mbele, Shift na Tab kurudi nyuma, mishale kuchagua ndani ya orodha, kitufe cha nafasi kuweka tiki, na Enter kubonyeza. Hivyo ndivyo watu wengi wasioona wanavyotumia kompyuta, na pia wale ambao mikono yao inatetemeka au haina nguvu ya kushika kipanya.

Kwenye fomu yetu Tab ya kwanza inaingia kwenye jina, lakini mjazaji hajui kama imeingia. Kwa kawaida kivinjari huzungushia mstari kisanduku ulichomo. Hapa mstari huo haupo, kwa kuwa mbunifu aliuona unaharibu sura akaufuta kwa maneno mawili, `outline: none`. Aliyeufuta alikuwa na kipanya mkononi, hakuukosa. Anayetegemea kibodi sasa anabonyeza Tab bila kujua yuko wapi. Dawa ni kuufuta mstari huo wa msimbo, au kama rangi ya kivinjari haipendezi, kuchora mstari mwingine ulio wazi zaidi.

Anaendelea. Simu, sawa. Tarehe ya kuzaliwa inafungua kalenda ndogo inayokubali kubonyezwa kwa kipanya tu. Kozi, sawa. Tab nyingine, na kitufe cha kijani kinarukwa kabisa, mtu anajikuta kwenye viungo vya chini ya ukurasa. Ukifungua msimbo, sababu inaonekana:

```html
<div class="kitufe" onclick="tuma()">Tuma</div>
```

Hiki si kitufe. Ni boksi la kawaida lililopakwa rangi na kufundishwa kusikia kipanya. Kivinjari hakijaambiwa kwamba ni kitu cha kubonyezwa, kwa hiyo Tab hailifikii na Enter haifanyi kitu. Kitufe cha kweli ni kifupi zaidi kuandika, na hayo yote kinakuja nayo bila kazi ya ziada:

```html
<button type="submit">Tuma</button>
```

Kalenda nayo haihitaji ufundi mkubwa. Tovuti ya serikali ya Uingereza huuliza tarehe ya kuzaliwa kwa visanduku vitatu vya kuandika: siku, mwezi, mwaka. Uamuzi huo una akili. Kila mtu anajua alizaliwa lini. Kumrudisha nyuma miezi mamia kwenye kalenda ni kumsumbua hata anayeona vizuri.

Baada ya kibodi huja sikio. Kisoma skrini ni programu inayotamka kilichomo kwenye skrini. Kwenye Windows mojawapo inayopatikana bure ni NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye haoni, kisha akaungana naye James Teh, asiyeona pia. Kwenye simu za Android ipo TalkBack, na kwenye iPhone VoiceOver. Kwa anayeona na anataka kujaribu, NVDA ina dirisha liitwalo Speech Viewer linaloandika kila inachotamka, hivyo unaweza kusoma badala ya kukimbizana na sauti.

NVDA ikifika kwenye kisanduku cha simu inasema tu kwamba hapa pana sehemu ya kuandika, na ni tupu. Basi. Maneno "Namba ya simu" yapo juu yake, lakini kisoma skrini hakipimi umbali kwa jicho. Kinafuata msimbo, na msimbo wenyewe unasema hivi:

```html
<div>Namba ya simu</div>
<input type="text">
```

Ni vitu viwili vinavyokaa jirani bila undugu. Undugu unaandikwa kwa lebo, ambayo `for` yake inataja `id` ya kisanduku:

```html
<label for="simu">Namba ya simu</label>
<input type="tel" id="simu" autocomplete="tel">
```

Sasa NVDA inatamka "Namba ya simu" kila inapoingia hapo. Faida hazikomei kwa asiyeona. Mtu akigusa maneno ya lebo kwenye simu, kisanduku kinafunguka, jambo linalomwokoa mwenye vidole vizito. Neno `tel` linaleta kibodi ya namba, na `autocomplete` inaruhusu kivinjari kujaza namba kinayoikumbuka.

Wapo wanaoikwepa lebo kwa kuweka maneno ya kijivu ndani ya kisanduku chenyewe, yale yanayotoweka ukianza kuandika. Vivinjari huweza kuyatumia kama jina la dharura, hivyo kisoma skrini huenda kikayasoma, na hapo ndipo mtego ulipo: jaribio la haraka litaonyesha kwamba mambo ni shwari. Lakini mjazaji anayeona akishaandika, swali limefutika. Akirudi kuhakiki, anakuta majibu bila maswali. Kijivu chenyewe mara nyingi ni hafifu kupita kiasi. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka maandishi ya kawaida yazidiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1.

Kuna jambo jingine ambalo watengenezaji wengi wa tovuti hawalijui hadi wakae na mtumiaji. NVDA ina namna mbili za kufanya kazi. Katika ya kwanza inasoma ukurasa mstari kwa mstari kama gazeti. Mtu akiingia kwenye kisanduku cha kuandika, inahamia ya pili, ili herufi anazobonyeza ziandikwe badala ya kuchukuliwa kama amri. Akiwa humo na kusogea kwa Tab, anasikia vitu vya kujazwa tu. Aya ya maelezo iliyo katikati ya visanduku viwili, mathalani "andika jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa", inapitwa kimya. Ili isikike ni lazima ifungwe kwenye kisanduku chake kwa `aria-describedby`. Itatamkwa baada ya lebo.

Kifungo hichohicho ndicho kinachookoa mahali ambapo fomu nyingi huanguka, yaani kwenye makosa. Mwombaji wetu amekosea, ameandika tarakimu 9 za simu. Anabonyeza Tuma. Kisanduku kinazungukwa na wekundu, na fomu haiendi. Anayeona anaelewa kuna shida, ingawa hajaambiwa ni ipi. Asiyeona hasikii kitu. Anabonyeza tena, kimya. Anaweza kudhani mtandao umekatika, au mbaya zaidi, akadhani ombi limekwenda na kufunga kompyuta.

```html
<label for="simu">Namba ya simu</label>
<input type="tel" id="simu" aria-invalid="true"
       aria-describedby="simu-kosa">
<p id="simu-kosa">Umeandika tarakimu 9. Zinatakiwa 10.</p>
```

Kinachobaki ni kuifanya fomu, inapokataa, imrudishe mwombaji moja kwa moja kwenye kisanduku cha kwanza chenye kosa. Akifika hapo anasikia jina la kisanduku, kwamba kilichoandikwa si sahihi, na kwa nini. Alama ya `aria-invalid` huwekwa kosa linapotokea na kuondolewa likirekebishwa. Ukiiacha hapo tangu mwanzo, fomu itamlaumu mtu kabla hajagusa kitu.

Msomaji wa Kiswahili ana tatizo lake la pekee, na dawa yake ni rahisi mno. Kisoma skrini huchagua matamshi kwa kuangalia lugha iliyotajwa mwanzoni mwa ukurasa. Violezo vingi vya tovuti huja na `lang="en"`, na mtengenezaji anatafsiri maneno yote huku akiliacha hilo palepale. Matokeo yake "Mkoa" na "Jina la ukoo" hutamkwa kwa kanuni za Kiingereza, kwa kasi, na sikio halishiki kitu. NVDA huja na sauti ya eSpeak NG inayojua Kiswahili. Inangoja kuambiwa tu:

```html
<html lang="sw">
```

Sauti hiyo ni ya kimashine na haitamfurahisha mpenzi wa lafudhi ya Unguja, lakini inaeleweka.

Zipo zana za kukagua kasoro hizi, kama WAVE na axe, na zinafaa kwa kuanzia. Zitaonyesha kisanduku kisicho na lebo. Hazitajua kwamba lebo ya "Jina" imefungwa kwa bahati mbaya kwenye kisanduku cha simu, wala kwamba ujumbe wa kosa haueleweki. Hilo linajulikana kwa kumwita mtu anayetumia kisoma skrini kila siku, akajaza fomu mwanzo hadi mwisho mbele ya aliyeitengeneza, na alipwe kama fundi mwingine yeyote. Chuo chenye fomu ya aina hii kifanye hivyo kabla ya kutangaza nafasi. Fomu ikirekebishwa baada ya tarehe ya mwisho kupita, yule aliyebonyeza Tuma na kusikia kimya atakuwa ameshaikosa nafasi ya mwaka huo.