Hospitali Iko Karibu, Kitanda Je?

Mwaka 2018 watafiti walioko Nairobi na wenzao walikadiria kwamba asilimia 29 ya wakazi wa Afrika kusini mwa Sahara wanaishi zaidi ya saa 2 kutoka hospitali ya umma iliyo karibu nao. Hesabu hiyo inatueleza safari. Haituelezi kama mgonjwa akishafika atapata kitanda, au atalazwa na mwenzake kwenye godoro moja.

Ipo mbinu ya kupima yote mawili kwa pamoja. Wei Luo na Fahui Wang waliitumia mwaka 2003 kuchunguza upatikanaji wa madaktari katika eneo la Chicago, Marekani. Kwa hospitali, mahali pa madaktari huwekwa vitanda.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mji una watu 80,000, Kijiji cha Kati 40,000, Kijiji cha Mbali 20,000. Hospitali kubwa ina vitanda 240 na hufikiwa ndani ya saa 1 kutoka mjini na Kijiji cha Kati. Hospitali ndogo ina vitanda 30, nayo hufikiwa kutoka vijiji vyote viwili. Ukipima umbali tu, wote wako sawa.

Hatua ya kwanza husimama hospitalini: vitanda hugawanywa kwa watu wote wanaoweza kufika. Hospitali kubwa inapata vitanda 2 kwa kila watu 1,000, ile ndogo 0.5. Hatua ya pili husimama kwa mkazi na kujumlisha hospitali anazozifikia. Mji unapata 2, Kijiji cha Mbali 0.5, Kijiji cha Kati 2.5. Mipaka ya wilaya haihusiki, kwa kuwa mgonjwa hafuati mipaka hiyo.

Sasa mvua ikate barabara kati ya Kijiji cha Kati na hospitali kubwa. Kijiji kinashuka hadi 0.5, na mji unapanda hadi 3 bila kuongezewa hata kitanda kimoja. Ndiyo maana wastani wa mkoa haufai kuaminiwa hapa: vitanda ni vilevile 270, na wastani haujatikisika, ilhali watu 40,000 wamepoteza hospitali.

Mbinu hii ina kasoro. Aliye dakika 5 na aliye dakika 59 huhesabiwa sawa, na wa dakika 61 hahesabiwi kabisa. Tangu 2009 wengi hupunguza uzito wa watu kadiri safari inavyorefuka. Kasoro ngumu zaidi iko kwenye vitanda vyenyewe. Orodha rasmi huweza kuonyesha vitanda 30, wodini vikawa na wauguzi wa kuhudumia 18 tu. Hospitali yenye alama nzuri kwenye ramani, huku daftari la wodi likionyesha wagonjwa wengi kuliko vitanda kila usiku, ihesabiwe upya kwa vitanda vinavyohudumiwa kweli.