Somo la sayansi: maharagi 20 na fishi moja ya kuandika kile macho inaona

Ukiuliza wanafunzi wa mwaka wa tano wa primere kama mbegu ya maharagi inahitaji mwanga ili iote, wengi watajibu ndiyo, sababu mumea bila jua unakufa. Jibu hilo linafaa sana kuanzisha somo la sayansi, maana watoto wanaweza kulijaribu wenyewe hata pahali hakuna laboratwari.

Mwalimu anatayarisha fishi ya somo kwa kuweka swali moja tu: je, maharagi yanaota gizani? Halafu anachagua kitu kimoja kitakachobadilika, yaani mwanga. Vingine vyote vinabaki sawa: mbegu za mfuko mmoja, maji kipimo kimoja, kitambara cha aina moja, pahali pamoja.

Kalasi ya watoto 60 inagawanywa vikundi 10. Kila kikundi kinapata sahani mbili zenye kitambara kilicholowa, na maharagi 10 kwa kila sahani. Hiyo ni maharagi 200 kwa kalasi nzima, hayafiki hata robo kilo. Mbegu zenye unga wa rangi, zile zilizotiwa dawa ya wadudu, zisitumiwe: watoto watazishika kwa mikono. Jumapili jioni mwalimu analoweka maharagi nyumbani, na Jumatatu kazi inaanza.

Sahani moja inafunikwa na karto. Hapa ndipo walimu wengi wanakosea. Karto inazuia mwanga, lakini inazuia pia maji kukauka. Sahani ya pili ikibaki wazi, itakauka mbele, na watoto watafikiri mwanga ndio uliochelewesha mbegu. Kwa hiyo ile ya pili ifunikwe pia, na plastiki inayopitisha mwanga, na zote mbili ziwekwe mbali na jua kali. Maji nayo yasizidi: mbegu ikizama inakosa hewa na inaoza. Ikianza kunuka na kuteleza, maji ni mengi.

Fishi ya mwanafunzi ni nusu ya ukurasa wa kaye. Juu kunaandikwa swali. Chini yake: "Ninafikiri kwamba… sababu…". Mustari huo unajazwa na biki mbele ya kuweka mbegu kwenye sahani, na haufutwi tena. Pasipo hivyo, mtoto akiona matokeo atabadilisha utabiri wake ili aonekane alijua, na somo linapotea. Mwalimu mwenyewe asiseme jibu, wala asitie noti kwa utabiri. Kinachopewa noti ni sababu iliyoandikwa na hesabu iliyofanywa vizuri.

Halafu inafuata tablo yenye nafasi tatu: siku, mwangani, gizani. Kikundi kinapaswa kwanza kukubaliana "kuota" ni nini: muzizi mweupe umetoka inje ya ganda. Bila hiyo, mmoja atahesabu mbegu iliyovimba na mwingine ataikataa. Karto na plastiki vinafunguliwa saa moja kila siku, haraka, na kufungwa tena. Tuseme kikundi kimoja kimeandika hivi:

Jumatano: mwangani 2, gizani 3.
Alhamisi: mwangani 7, gizani 8.
Ijumaa: mwangani 9, gizani 9.

Mtoto atasema giza limeshinda siku ya Alhamisi. Lakini tofauti ya mbegu moja haitoshi, inaweza kuwa ile mbegu tu. Ndiyo maana mwalimu anajumlisha hesabu za vikundi vyote 10 kwenye ubao: 100 mwangani, 100 gizani. Hapo inaonekana kama kuna tofauti ya kweli. Uvira, kwenye joto, mbegu zinaweza kuota mbele ya zile za Bukavu. Siku zikichelewa, hesabu inaendelea tu, mradi maji yanaongezwa Jumamosi.

Wiki ya pili, wakati miche imesimama, kunatokea jambo lingine. Ile ya gizani ni mirefu, mimembamba, ya rangi ya manjano. Ile ya mwangani ni mifupi na ya kijani. Kumbe utabiri wa watoto haukuwa wa bure. Ili kuota, maharagi yanatumia chakula kilichomo ndani ya mbegu yenyewe. Mwanga unahitajika baadaye, ili mumea ujitengenezee chakula. Mustari wa mwisho wa fishi unaandikwa sasa: "Tuliona… kwa hiyo…". Rangi na hesabu zinaingia kwenye "tuliona", maelezo yanabaki kwenye "kwa hiyo".

Mtoto aliyekosa utabiri hapungukiwi kitu. Na fishi ile ile anaweza kuipeleka nyumbani mbele ya kupanda Septemba: mbegu 10 za akiba, kitambara kilicholowa, siku chache. Zikiota 5 tu, familia inajua mapema kwamba mbegu hizo zitaacha shamba na mapengo.