Maji ya Mtera si ya bure: hesabu ya uniti ya mwisho

Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Iringa, utavuka juu ya tuta la bwawa la Mtera, mahali ambapo abiria wa mabasi hununua perege wa kukaanga. Maji yanayoonekana pale ni ya Mto Ruaha Mkuu. Chini yake, ndani ya mwamba, kuna mashine mbili za megawati 40 kila moja, zinazofua umeme tangu mwaka 1988. Mbali huko mashariki, Kinyerezi, Dar es Salaam, mitambo ya TANESCO inachoma gesi asilia. Mwenye vituo ni mmoja na wateja ni walewale. Kila saa kuna swali la kujibu: kipi kifue kiasi gani?

Wanauchumi wana jibu lao la siku nyingi kwa kampuni iliyo peke yake sokoni na yenye viwanda viwili. Gawa kazi hadi gharama ya kuongeza uniti moja iwe sawa kote kuwili. Kiwanda kimoja kikiwa kinaongeza uniti kwa shilingi 230 na kingine kwa 125, kila uniti unayoihamishia kule kwa 125 inaokoa tofauti hiyo, na uhamishe mpaka tofauti iishe. Kampuni iliyo huru kupanga bei ingeamua pia ifue jumla ya kiasi gani: ingeacha kuongeza pale ambapo mapato ya uniti ya ziada yanalingana na gharama hiyo ya pamoja. TANESCO haina uhuru huo, kwa kuwa bei zake huidhinishwa na EWURA na mteja akiwasha taa lazima ahudumiwe. Ilichobaki nacho ni mgawanyo, na humo pesa nyingi huokolewa au hupotea.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu nyepesi. Kituo cha kwanza huanza na gharama ya shilingi 60 kwa uniti, na kila megawati inayoongezwa inapandisha gharama hiyo kwa shilingi 1. Cha pili huanza na shilingi 100 na kupanda kwa shilingi 2. Gharama inapanda kwa sababu mashine nzuri huwashwa kwanza, kisha zile kuukuu zinazokula mafuta zaidi. Zinatakiwa megawati 130.

Ukigawa nusu kwa nusu, megawati 65 kila upande, uniti ya mwisho itagharimu shilingi 125 huku na 230 kule. Saa moja itakula takriban shilingi milioni 16.7. Hamisha kazi hadi cha kwanza kifike megawati 100 na cha pili 30. Sasa uniti ya mwisho ni shilingi 160 pande zote mbili, na saa ileile inagharimu milioni 14.9. Zimeokolewa zaidi ya milioni 1.8 kwa saa, bila kununua hata nati moja.

Kosa linalowanasa wengi ni kulinganisha wastani. Katika mgawanyo huo bora, wastani wa kituo cha kwanza ni shilingi 110 kwa uniti na wa cha pili ni 130. Mhasibu atauliza kwa nini kile ghali kisizimwe. Kizime basi: cha kwanza kibebe megawati zote 130, na gharama ya saa itapanda hadi milioni 16.25. Uniti zile za mwisho zinatoka kwa hadi shilingi 190, wakati jirani yake angeanza kufua kwa 100. Wastani unakueleza yaliyokwisha kutumika, haukuelezi inayofuata itagharimu nini.

Kwa hoja hiyohiyo, malipo yasiyobadilika hayahusiki katika mgawanyo. Mitambo ya IPTL ya Tegeta, megawati 100 za mafuta mazito, ilianza kazi mwaka 2002 kwa mkataba ulioidai TANESCO malipo ya uwezo hata mitambo ikiwa imelala. Hasira ya wananchi ilikuwa ya haki, lakini kusema "kwa kuwa tunalipa, tuiwashe" ni kuongeza hasara ya pili juu ya ya kwanza. Malipo ya uwezo yanatoka iwe imewaka au imezimwa. Kinachoamua kuiwasha ni bei ya mafuta ya uniti inayofuata.

Sasa turudi Mtera, maana hapo hesabu inakuwa ngumu kweli. Maji hayanunuliwi, na mashine ikishafungwa gharama ya kufua uniti moja zaidi ni karibu na sifuri. Anayeifuata kanuni kijuujuu atafungua mageti na kuizima gesi. Lakini maji yaliyopita leo hayatakuwepo Oktoba. Gharama yake halisi ni uniti ya gesi au dizeli utakayolazimika kuchoma kiangazi kwa sababu maji hayo umeyamaliza.

Thamani hiyo inapimika. Maji yakitoka Mtera, yaliyoporomoka takriban mita 100, hushuka na mto hadi Kidatu na kuporomoka tena mita 170 hivi, kupitia mitambo ya megawati 204. Ukitoa upotevu wa mitambo, mita moja ya ujazo inazaa karibu theluthi mbili ya uniti kwa vituo vyote viwili. Kama uniti ya mafuta ya dharura itagharimu shilingi 300 mwezi Oktoba, basi kila mita ya ujazo iliyobaki bwawani ina thamani ya shilingi 200, na uniti ya maji inayofuliwa leo ibandikwe bei ileile ya shilingi 300. Ikiwa gesi ya Kinyerezi leo inatoa uniti kwa bei ya chini ya hiyo, ichomwe gesi na maji yakae.

Kuna kitu cha kutazama ili kujua kama hesabu imekosewa, nacho ni kina cha bwawa. Mtera ikijaa husoma mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na mita 690 ndiyo mpaka wa chini wa kufua umeme. Bwawa likimwaga maji pembeni huku gesi ikiwaka kwa nguvu, maji yalipewa bei kubwa mno. Likikauka hadi mpaka ule na mitambo ya kukodi ikaletwa haraka, yalipewa bei ndogo mno, au mvua ilikataa kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Mwaka 2006 nchi iliingia katika mgao mkali. Hadi leo watu hubishana ni kiasi gani kilitokana na ukame, kiasi gani na mashamba ya mpunga ya Usangu, na kiasi gani na namna maji yalivyotumika miaka ya mvua. Mimi naona ubishi huo utakuwa na maana pale tu bei waliyoyapa maji wakati ule itakapowekwa mezani.

Kanuni ina mipaka yake. Mtambo wa gesi ukiendeshwa kwa nusu ya nguvu yake hula gesi zaidi kwa kila uniti, kwa hiyo mara nyingi huwa heri kuwasha mmoja kikamilifu kuliko kuigawia miwili. Tena, umeme hupotea njiani, hivyo kwa mteja wa Dodoma zilinganishwe gharama za uniti iliyofika, na Mtera iko karibu kuliko Kinyerezi.

Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, la megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024, na masika ya mwaka huo ilibidi baadhi ya vituo vingine vya maji vizimwe kwa muda kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Msimu kama huo gharama hazilingani tena: kituo ambacho uniti yake ya kwanza tu ni ghali kuliko ya mwisho ya mwenzake hakifui kitu. Mtera ikiwa na nafasi, kuzima kunahifadhi maji ya kiangazi. Ikiwa imefika 698.5 na mvua inaendelea, maji yale hayana bei hata shilingi moja, na kinachotakiwa kuzimwa kwanza ni gesi.