Nondo Isiyo na Jibu na Nondo Yenye Majibu Tele

Chukua nondo ya mita 1. Izungushie waya wa umeme unaoipasha kwa wati 10, sawasawa kutoka ncha hadi ncha, kisha ifunike ubavuni ili joto litoke nchani tu. Ncha zote mbili zizamishe katika barafu inayoyeyuka, yaani nyuzi 0. Baada ya muda kila sehemu itatulia kwenye joto lake: katikati kuna moto zaidi, nchani ni 0. Mlinganyo unaoeleza joto hilo tulivu, pamoja na masharti ya ncha mbili, una jibu moja tu.

Sasa ondoa barafu, ncha nazo uzifunike zisipitishe joto. Wati 10 zinaingia na hazina pa kutokea, kwa hiyo nondo itazidi kupata moto. Ukiuliza itatulia kwenye joto gani, hakuna jibu. Si kwamba limefichika, halipo.

Badilisha tena: nusu ya kushoto ipashwe kwa wati 10, na nusu ya kulia ivutwe joto kwa kiasi hichohicho cha wati 10. Kinachoingia ni sawa na kinachotoka, basi nondo itatulia, kushoto kukiwa na joto kuliko kulia. Lakini ongeza nyuzi 5 kila mahali, na hakuna sharti litakalovunjika. Ongeza nyuzi 20, vivyo hivyo. Majibu hayana idadi, na kinachochagua mojawapo ni joto ambalo nondo ilikuwa nalo mwanzoni, jambo ambalo mlinganyo wa hali tulivu hauliulizi.

Visa hivi vitatu vinafuata kanuni moja, ambayo chimbuko lake ni kazi aliyoichapisha mwanahisabati wa Uswidi, Ivar Fredholm, mwaka 1903. Kwanza zima vyanzo vyote na uweke sifuri kwenye masharti yote ya ncha. Je, limebaki umbo lolote lisilo sifuri linaloweza kusimama? Ikiwa halipo, jibu ni moja tu, na kazi imekwisha. Ikiwa lipo, jibu la pekee haliwezekani tena: ama hakuna, ama ni mengi. Kwa nondo yenye barafu nchani halibaki kitu. Kwa nondo iliyofunikwa linabaki joto la usawa, nyuzi zilezile kila mahali.

Umbo hilo lililobaki ndilo mizani ya hatua ya pili. Zidisha chanzo kwa umbo hilo, kisha jumlisha kutoka ncha hadi ncha. Kwa nondo, umbo ni la usawa, hivyo kuzidisha hakubadilishi kitu, na mizani inauliza tu kama jumla ya wati ni sifuri. Mahali pengine mizani haionekani kwa macho. Tazama mlinganyo huu:

y'' + y = f(x), y(0) = 0, y(π) = 0

Ukizima f, linabaki sin x, kwa kuwa ni sifuri pale 0 na pale π. Basi zidisha f kwa sin x na ujumlishe kutoka 0 hadi π. Kwa f = 1 jumla ni 2, si sifuri, kwa hiyo hakuna jibu. Kwa f = cos x jumla ni 0, na majibu ni (x/2) sin x + B sin x, ambapo B ni namba yoyote upendayo. Ncha nazo huingia katika hesabu: y(0) ikiwa a na y(π) ikiwa b, jumla hiyo inatakiwa iwe sawa na a + b. Ndiyo maana f = 1, iliyokataa mwanzoni, inakubali ukiweka b = 2 na kuiacha a ikiwa 0.

Kompyuta haioni mpaka huu vizuri. Chukua y'' + y = 0, y(0) = 0, y(L) = 1. Jibu ni sin x gawanya kwa sin L. L ikiwa 3, kigezo ni kama 7, ikiwa 3.1, ni 24, ikiwa 3.14, ni 628, ikiwa 3.15, ni hasi 119. Jibu linalovimba hivyo na kugeuza alama kwa kusogeza ncha kidogo linaonyesha kwamba umepita karibu na pasipo na jibu.

Kanuni hii ni ya milinganyo ya mstari tu. Tena, umbo lililobaki huwa mizani moja kwa moja pale mlinganyo na masharti yake vinapokuwa na ulinganifu, kama hapa. Ukiongeza neno la y', kama joto linalobebwa na maji yanayotiririka, mizani hutoka kwenye mlinganyo wa pili, pacha wa ule wa kwanza. Anayetumia umbo la kwanza hapo atapima kwa mizani isiyo yake, na anaweza kulitupa tatizo lenye majibu.